Duka Liko Wazi, Simu Inasema Limefungwa

Waya wa klachi ukikatika Kilwa Road saa kumi na moja jioni, dereva wa bodaboda hana muda wa kuzunguka akiuliza njia. Abiria ameshashuka na kudandia nyingine, na duka la vipuri analolijua yeye liko Kariakoo. Anatoa simu, anaandika "vipuri vya pikipiki" kwenye ramani, na skrini inamletea maduka matatu manne ya jirani. Moja liko mita mia tatu mbele yake, Mbagala Rangi Tatu, lakini chini ya jina lake pameandikwa kwa rangi nyekundu kwamba limefungwa. Analiruka. Anaikokota pikipiki kilomita nzima hadi duka la pili. Wakati huohuo mwenye lile duka la kwanza amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, fremu imefunguliwa tangu asubuhi, na waya za klachi zinaning'inia kwenye msumari nyuma ya kichwa chake.

Duka hilo ni la mfano tu, ila kosa lililolifunga si la kubuni. Mwenye duka alipoliingiza kwenye Google Maps aliulizwa anafungua saa ngapi na kufunga saa ngapi. Yeye hufungua saa moja asubuhi na kufunga saa mbili usiku, kwa hiyo akachagua 1:00 AM na 2:00 AM. Ramani ikamwamini neno kwa neno. Kwa ramani, duka lake linafunguliwa saa saba usiku wa manane na kufungwa saa nane, saa moja tu, wakati mtaa mzima umelala. Mchana kutwa linaonekana limefungwa.

Kuliweka duka kwenye ramani ya simu ni bure, na sehemu kubwa ya kazi hiyo mtu huimaliza kabla chai haijapoa. Kinachotaka utulivu ni mambo mawili: mahali hasa unapoiweka alama ya duka, na namna unavyoandika saa. Hayo mawili yakikaa vibaya, ni afadhali duka lisingekuwepo kwenye ramani kabisa, maana mteja aliyepotezwa mara moja harudi kujaribu tena. Tulifuate basi duka hili la Mbagala tangu mwanzo, kama ambavyo lingepaswa kuingizwa.

Kabla ya kuongeza chochote, mwenye duka aandike jina la duka lake kwenye sehemu ya kutafutia, kisha ausogelee mtaa wake kwenye ramani mpaka aone mapaa. Si ajabu akalikuta duka tayari lipo. Ramani hii inamruhusu mtu yeyote kuongeza mahali palipokosekana, na wapo wanaofanya hivyo kwa mapenzi tu: mwanafunzi, mteja, dereva aliyechoka kuelekezwa kwa mdomo. Duka likiwa limeshawekwa na mtu mwingine, usiweke la pili. Ukiweka la pili, nusu ya wateja wataandika maoni huku na nusu kule, na alama mbili zitapishana mita ishirini bila mtu kujua ipi ya kweli. Unachotakiwa kufanya ni kuligusa lile lililopo na kutafuta maneno "Claim this business", yaani kudai kwamba wewe ndiye mwenyewe.

Kama halipo, fungua Google Maps, gusa picha yako ya pembeni juu, na hapo utakuta "Add your business". Wenye kompyuta huanzia business.google.com. Zamani kulikuwa na programu ya peke yake ya kazi hii iliyoitwa Google My Business. Jina lilibadilishwa mwaka 2021 kuwa Google Business Profile, na programu yenyewe ikaondolewa mwaka uliofuata, kwa hiyo anayekuelekeza uipakue anakupa habari za jana.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hulipuuza na kulijutia baadaye: akaunti inayotumika ni ya nani? Kwa kawaida mwenye duka humwita kijana wa duka la simu jirani, humpa elfu kadhaa, na kijana humaliza kila kitu kwa barua pepe yake mwenyewe. Mwaka unapita, kijana amehamia Mwanza, namba amebadilisha, na mwenye duka hawezi hata kusahihisha namba ya simu ya duka lake. Ikifika hapo, njia iliyobaki ni kuomba umiliki kupitia ramani yenyewe. Anayeshikilia hupewa siku 3 za kujibu, na asipojibu, mwombaji anaweza kupewa nafasi ya kuthibitisha kwamba duka ni lake. Ni safari ndefu isiyo na sababu. Akaunti iwe ya mwenye duka tangu siku ya kwanza, na kijana aongezwe kama meneja. Mfumo unaruhusu hilo, na meneja huondolewa kwa kugusa mara moja.

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kibao, basi. Tuseme kibao kinasomeka "Neema Vipuri". Kishawishi cha kuandika "Neema Vipuri Bei Poa Spea Zote za Boxer na TVS Mbagala" ni kikubwa, kwa sababu mtu anadhani maneno mengi yatamvuta mteja. Kanuni zinakataza, na wasifu wenye jina la namna hiyo unaweza kusimamishwa usionekane kabisa. Kuhusu bidhaa unazouza, pako mahali pake. Kwanza ni aina ya biashara, ambayo huchaguliwa kwenye orodha iliyokwisha kuandaliwa. Duka letu litachagua "Motorcycle parts store" kuwa aina kuu, na kama kuna fundi anayefunga vipuri hapohapo nje, litaongeza "Motorcycle repair shop" kuwa aina ya ziada. Aina kuu ndiyo yenye uzito mkubwa, kwa sababu ndiyo inayoiambia ramani duka hili lijibu utafutaji upi. Pili ni maelezo ya biashara, herufi zisizozidi 750, na humo unaweza kutaja Boxer, TVS, cheni, sproketi, tairi na betri bila mtu kukulaumu.

Sasa tuingie kwenye anwani, ambapo Mtanzania huanza kukuna kichwa. Fomu inataka mtaa na namba. Kwa miaka mingi anwani yetu ilikuwa sanduku la posta, na sanduku la posta halikubaliki hapa kwa sababu mteja hawezi kwenda kununua waya wa klachi kwenye S.L.P. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, iliyofanywa kabla ya sensa ya Agosti mwaka huo, mitaa mingi ilipata majina yaliyoandikwa kwenye nguzo na majengo yakapewa namba. Ukiwa na namba hiyo mlangoni, iandike. Usipokuwa nayo, andika jina la barabara na eneo, "Kilwa Road, Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam", na usijaribu kubana humo maneno "mkabala na kituo cha mafuta, geti la bluu". Hayo yana faida kubwa kwa mteja wa kwetu, ila yaweke kwenye yale maelezo ya herufi 750.

Ukweli ni kwamba kwenye miji yetu anwani iliyoandikwa haimfikishi mtu. Anayemfikisha ni alama, ile pini nyekundu. Watu wengi hukubali pini ilipoangukia wakati wa kuandika anwani, nayo mara nyingi huangukia katikati ya kata au kwenye ukingo wa barabara popote pale. Lazima uivute mwenyewe kwa kidole.

Ivute huku ukitazama picha ya setilaiti, si ile ramani ya kuchorwa. Toka nje kwanza. Simu ikiwa chini ya bati au kati ya ghorofa mbili, haioni vizuri setilaiti inazozitegemea kujua ilipo. Utaona kidoti cha bluu kimezungukwa na duara pana la bluu hafifu, na duara hilo ndilo linalokuambia simu ina mashaka kiasi gani. Ukisimama palipo wazi na kusubiri kidogo, duara hujikunja. Hata hivyo, kidoti kiwe msaada tu. Paa la fremu yako ulitambue kwa macho: hesabu kutoka kwenye kitu kisichohama, kama msikiti, mti mkubwa au njia panda, fremu ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha weka pini. Picha ya setilaiti yenyewe inaweza kuwa ya miaka kadhaa nyuma, kwa hiyo usishangae kuona kiwanja kitupu mahali palipo na jengo leo.

Lakini pini iwe sehemu gani ya fremu? Hapa ndipo ufundi ulipo. Ramani inapompa mteja njia haimpeleki kwenye pini. Humpeleka kwenye sehemu ya barabara iliyo karibu zaidi na pini, na safari inaishia hapo. Sasa tazama duka letu. Mbele lina Kilwa Road, barabara pana yenye njia za mwendokasi katikati, na magari yaendayo mjini na yatokayo mjini yametenganishwa. Nyuma, hatua chache kutoka ukuta wa fremu, kuna uchochoro ambao nao umo kwenye ramani. Mwenye duka akiiweka pini katikati ya paa au nyuma kidogo, uchochoro unakuwa karibu kuliko barabara kuu. Mteja ataelekezwa aingie mtaani, apinde kushoto, apinde kulia, apite kwenye matope, kisha ataambiwa amefika wakati anautazama ukuta wa tofali usio na mlango. Akiisogeza mbele kupita kiasi mpaka ikaingia katikati ya barabara, ramani inaweza kuchagua upande wa pili, na dereva anayetoka mjini ataambiwa apitilize, akageuze mbele, kisha arudi, wakati duka lilikuwa mkono wake wa kushoto tangu mwanzo.

Mahali pazuri ni mlangoni, au hatua moja mbele ya mlango, upande uleule wa barabara. Ukisoma hili ukiwa na duka ndani ya jengo la Kariakoo lenye milango miwili, mmoja mtaa wa Kongo na mwingine mtaa wa nyuma, kanuni ni ileile: pini iende kwenye mlango unaotaka mteja auone. Ghorofa ya ngapi na chumba namba ngapi, hayo yaandikwe kwa maneno, kwa sababu pini haijui kupanda ngazi.

Ukishaiweka pini sawa unapata na faida nyingine ambayo wauzaji wachache wanaitumia. Mahali popote kwenye Google Maps pana msimbo mfupi: herufi na tarakimu nne, alama ya kujumlisha, kisha mbili au tatu, na jina la mji. Ukiuandika wote, bila jina la mji, unakuwa na tarakimu na herufi kumi, na msimbo wa urefu huo unataja kipande cha ardhi cha takriban mita 14 kwa 14. Mfumo huu ulianza mwaka 2014, na waliouunda waliacha makusudi irabu zote ili misimbo isitokee kuwa maneno, wakaacha na sifuri na moja ili zisichanganywe na herufi. Hauhitaji mtaa kuwa na jina wala nyumba kuwa na namba. Unaweza kuusoma kwa simu, kuutuma kwa meseji ya kawaida kwa mtu asiye na bando, au kuupiga kwenye mhuri wa risiti. Mteja akiuandika ulivyo, pamoja na jina la mji, ramani inampeleka palepale.

Turudi kwenye saa, maana ndizo zilizolifunga duka. Sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza, simu inahesabu kuanzia usiku wa manane, na tofauti ni saa sita kamili. Mtu anapoangalia saa ya ukutani hufanya hesabu hiyo bila kuijua: anaona saba, anasema moja. Tatizo ni fomu ya simu. Haina mishale ya kumwonyesha, ina orodha ya tarakimu, na mkono hukimbilia ile tarakimu inayofanana na anachokisema mdomo. Dawa ni kuitazama saa ya simu yenyewe unapofungua duka asubuhi na kuandika kinachosomeka pale juu ya skrini. Kwa duka letu itakuwa hivi: Jumatatu hadi Jumamosi 7:00 AM hadi 8:00 PM, na Jumapili, ambapo hufungua saa tatu asubuhi na kufunga saa nane mchana, 9:00 AM hadi 2:00 PM. Kinachosumbua zaidi ni saa sita. Saa sita mchana ni 12:00 PM na saa sita usiku ni 12:00 AM, na ukizibadilisha duka linageuka kuwa la usiku.

Kama simu yako imewekwa mtindo wa saa 24, mashaka hupungua kwa sababu saa mbili usiku inaandikwa 20:00 na hakuna namna ya kuichanganya na asubuhi. Ramani huria ya OpenStreetMap, ambayo ndiyo iliyo ndani ya programu kama Organic Maps, hutumia mtindo huo peke yake. Dar es Salaam imechorwa humo kwa undani kuliko miji mingi, kutokana na kazi ya Ramani Huria iliyoanza mwaka 2015, ambapo wanafunzi wa vyuo na wakazi walipita mtaa kwa mtaa kwenye maeneo ya mafuriko. Kule duka letu lingeandikwa hivi:

```
shop=motorcycle
opening_hours=Mo-Sa 07:00-20:00; Su 09:00-14:00
```

Muuza chipsi anayefungua saa kumi na mbili jioni na kufunga saa nane usiku ana fumbo lake. Wengi huligawa: jioni mpaka saa sita usiku wanaiandika Ijumaa, na zile saa mbili za baada ya hapo wanaziandika Jumamosi. Si lazima. Andika Ijumaa 6:00 PM hadi 2:00 AM, na mfumo utaelewa kwamba unavuka usiku. Anayefunga katikati ya mchana, kama maduka mengi ya Unguja wakati wa sala ya Ijumaa, aweke vipindi viwili kwenye siku moja. Fomu ina nafasi ya kuongeza kipindi cha pili, na ni heri mteja aione mapema hiyo mapumziko kuliko kukuta mlango umerudishwa.

Sikukuu zina sehemu yake, "Special hours", ambapo unataja tarehe na saa za siku hiyo tu. Sabasaba, Nanenane na siku ya Nyerere zina tarehe zisizohama, kwa hiyo unaweza kuzijaza hata Januari. Usipozijaza, mteja anayetafuta siku hiyo huonyeshwa onyo kwamba saa zinaweza kuwa tofauti, na onyo hilo linatosha kumfanya achague duka lililojaza. Idd ni habari nyingine, kwa sababu mwezi haungoji fomu. Hapa mwenye duka afanye kama anavyofanya kwenye karatasi ya mlangoni: usiku mwezi ukishatangazwa, achukue simu na kuweka tarehe. Na kwa Ramadhani nzima, kama duka hufungwa saa kumi na mbili jioni kwa futari na kufunguliwa tena baada ya sala hadi saa nne usiku, ni rahisi zaidi kubadili saa za kawaida zenyewe ziwe vipindi viwili, 7:00 AM hadi 6:00 PM na 7:30 PM hadi 10:00 PM, kisha kuzirudisha mwezi ukiisha. Kuzirudisha ndiko kunakosahaulika.

Baada ya kujaza yote, duka bado halijawa lako machoni pa ramani. Unatakiwa kuthibitisha. Unaweza kupewa njia ya simu au meseji, lakini siku hizi njia ambayo wenye maduka wengi hukutana nayo ni video. Hurekodiwa kwa simu ndani ya hatua zenyewe za kuthibitisha, mfululizo bila kukatwa, isiyopungua sekunde 30, na kuna mtu au mfumo utakaoitazama ndani ya siku chache za kazi. Video nyingi hukataliwa kwa sababu mwenye duka anarekodi rafu tu: cheni, tairi, oili, akidhani anaombwa kuonyesha mali. Anaombwa kujibu maswali matatu. Je, mahali hapa ni hapo ulipoweka pini? Je, kuna duka kweli lenye jina hilo? Je, wewe ndiye mwenye funguo?

Kwa duka letu, aanze ng'ambo ya fremu, simu ikielekea Kilwa Road, ionekane barabara na maduka jirani yenye vibao vyao, na kibao cha jina la mtaa kama kipo karibu. Ageuke polepole mpaka kibao cha "Neema Vipuri" kisomeke. Hapa kamera isimame kidogo, kwa sababu kibao kinachopita kama upepo hakisomeki. Kisha atembee hadi mlangoni na kufungua kufuli kwa mkono wake mwenyewe, simu ikiona. Ule ufunguo ndio ushahidi mzito kuliko wote. Aingie, aonyeshe rafu kwa sekunde chache, avuke kaunta aende upande ambao mteja haruhusiwi, avute droo ya pesa, na leseni ya biashara iliyotundikwa ukutani ipite kwenye picha. Nyuso za watu zisionekane, na namba za kitambulisho au za benki pia. Wakati mzuri ni asubuhi mapema kabla wateja hawajajaa, mwanga ukiwa wa kutosha, na bando liwe na uwezo wa kupandisha video nzima bila kukatikia njiani.

Asiye na kibao cha kudumu hukwama papo hapo. Meza ya machinga inayokunjwa jioni haina kufuli la kufungua wala maandishi ukutani, na mfumo huu haukutengenezwa kwa ajili yake. Nadhani hilo ni pengo kubwa, ukizingatia ni sehemu gani ya biashara ya miji yetu inafanyika juu ya meza. Fundi asiye na duka, anayemfuata mteja alipo, yeye anayo njia: anaficha anwani na kutaja maeneo anayohudumia, yasiyozidi 20.

Duka likishathibitishwa, lijaribu kwa simu ya mtu mwingine. Simu yako inakujua, inaweza kukuonyesha duka lako juu kabisa kwa sababu uko ndani yake. Mpe ndugu aliyeko Temeke kazi ya kuandika "vipuri vya pikipiki Mbagala", aguse njia, na akusomee maelekezo ya mwisho: anaambiwa afikie barabara gani, upande gani? Akikutajia uchochoro, sogeza pini. Mabadiliko mengine hupita ndani ya dakika, mengine husubiri kukaguliwa kwa siku kadhaa, na kuhamisha pini mbali sana kunaweza kukulazimisha kuthibitisha upya. Ndiyo maana pini huwekwa sawa kabla ya video.

Tena usidhani ukishajaza umemaliza. Mteja yeyote anaweza kugusa "Suggest an edit" na kusema duka hufungwa saa kumi na moja, na pendekezo lake linaweza kukubaliwa. Wengi hufanya hivyo kwa nia njema, kwa mfano mtu aliyekuta umefunga mapema siku ya msiba. Ukifungua wasifu wako utaona mabadiliko kama hayo yamewekewa alama, na unaweza kuyakataa. Ukiuangalia mara moja kwa wiki inatosha.

Jina na namba ya duka zikishakuwa hadharani utapigiwa pia na watu wanaojitambulisha kuwa wametoka Google, wakisema wasifu wako utafutwa usipolipia au wakiomba usome tarakimu zilizoingia kwa meseji. Kuwepo kwenye ramani hakulipiwi, na tarakimu hizo ndizo funguo za akaunti. Kata simu.

Wateja wenye aifoni wanaotumia ramani ya Apple hawataliona duka kwa kazi hii uliyoifanya. Kule kuna mlango mwingine, uliofunguliwa Januari 2023 kwa jina la Apple Business Connect, nao ni bure. Saa na pini ulizozihangaikia unaweza kuzinakili zilivyo.

Na siku mwenye fremu atakapopandisha kodi ukahamia ng'ambo ya barabara, usifute wasifu ukaanza mwingine. Badili anwani, vuta pini hadi mlango mpya, rekodi video nyingine ukiombwa. Maoni na nyota ulizokusanya vitahama pamoja nawe. Ukichelewa wiki moja kabla fremu mpya haijawa tayari, weka "Temporarily closed", ili dereva mwenye waya uliokatika asikokote pikipiki hadi kwenye fremu inayopakwa rangi na mpangaji mwingine.